Paleti ya matriksi za ngozi: kutoka mkao wa ufungaji hadi mkao wa sasa

Mhusika wa pande tatu huingia katika injini ya kuchora akiwa vitu viwili: wavu wa nukta, ambao ndio ngozi yake, na kiunzi cha mifupa kinachoibeba ngozi hiyo. Nukta za wavu hupakiwa mara moja kwenye kadi ya michoro na haziandikwi upya. Kinachobadilika katika kila fremu ni mifupa peke yake, na paleti ya matriksi ndiyo inayoipelekea sheda, yaani programu ndogo inayoendeshwa ndani ya kadi hiyo, habari za mabadiliko hayo: matriksi moja kwa kila mfupa, zikiwa zimepangwa kwa namba, ili kila nukta ichukue zile za mifupa inayoifuata. Hesabu yenyewe ni fupi mno. Hata hivyo, watu wengi wanaoandika injini zao wenyewe hukwama hapa, kwa sababu makosa yake huonekana kwenye skrini kama wavu uliopasuka, na wavu uliopasuka hausemi umepasuliwa na nini.

Nitafuata umbizo la glTF 2.0, kwa kuwa limeandika wazi kila kinachohitajika, na kwa kuwa makosa yanayotokea ndani yake ndiyo yanayotokea kwingine. Katika mifano yote nukta ni safuwima inayokaa kulia kwa matriksi, kwa hiyo mfululizo wa kuzidisha husomwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Swali ambalo matriksi ya paleti inalijibu

Msanii anapomaliza kuunda wavu, huweka kiunzi ndani yake, mara nyingi mikono ikiwa imenyooshwa, kisha hukifunga pamoja na ngozi. Mkao wa mifupa katika wakati huo tuuite mkao wa ufungaji. Tangu hapo kila nukta ina majira yake katika mfumo wa mhusika mzima, si katika mfumo wa mfupa wowote. Nukta ya kifundo cha mkono haijui kwamba iko sentimita kadhaa mbele ya kiwiko. Inajua tu umbali wake kutoka asili ya mhusika, ambayo kwa kawaida huwa chini kati ya nyayo zake.

Matriksi ya mfupa katika fremu ya sasa, tuiite `G`, hufanya kazi tofauti kabisa: huchukua kitu kilichopimwa kutoka kwenye mfupa na kukiweka mahali pake katika mfumo wa mhusika. Ukiipa nukta iliyopimwa kutoka kwenye nyayo, itaichukulia kana kwamba ilipimwa kutoka kwenye kiwiko, na matokeo yatakuwa mbali na mwili. Ndiyo maana kunahitajika hatua ya kwanza ya kuiondoa nukta katika mfumo wa mhusika na kuiingiza katika mfumo wa mfupa, kwa kutumia mahali mfupa ulipokuwa siku ngozi ilipofungwa. Ikiwa `B` ni matriksi ya mfupa katika mkao wa ufungaji, hatua hiyo ni kinyume chake, na paleti nzima ni mstari mmoja:

```
paleti[j] = G[j] * inverse(B[j])
```

Ukiitazama hivyo, utaona kwamba matriksi ya paleti haijibu swali la mfupa uko wapi. Inajibu swali la mfupa umehama vipi tangu ngozi ilipofungwa. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa mambo mengi yanayofuata, kuanzia majaribio ya kukagua hesabu hadi kosa la mtu anayechora mifupa ya ukaguzi kwa kusoma safuwima ya mwisho ya paleti na kushangaa kuiona ikielea hewani.

Mkono mmoja, mifupa miwili

Tuchukue mkono uliolala kwenye mhimili wa X. Mfupa wa bega uko kwenye (1, 4, 0). Mfupa wa kiwiko ni mtoto wa bega, na uko hatua 3 mbele yake, yaani (3, 0, 0) ukipima kutoka begani, au (4, 4, 0) ukipima kutoka asili ya mhusika. Katika mkao wa ufungaji mifupa yote miwili haina mzunguko, kwa hiyo matriksi kinyume ya kiwiko ni msogeo mtupu wa (-4, -4, 0). Nukta tunayoifuata ni ya kifundo cha mkono, iko (6, 4, 0), na inafuata kiwiko peke yake kwa uzito wa 1.

Kiwiko kikunjwe nyuzi 90 kuzunguka mhimili wa Z huku bega likitulia. Matriksi kinyume inaipeleka nukta hadi (2, 0, 0), yaani hatua 2 mbele ya kiwiko. Mzunguko unaigeuza kuwa (0, 2, 0), yaani hatua 2 juu ya kiwiko. Msogeo wa kiwiko unairudisha katika mfumo wa mhusika kwenye (4, 6, 0). Kiwiko kiko (4, 4, 0), kifundo kiko juu yake kwa hatua mbili zilezile, na urefu wa mkono haukubadilika.

Sasa tuiache matriksi kinyume na kutumia `G` tupu. Nukta (6, 4, 0) inazungushwa moja kwa moja kuwa (-4, 6, 0), kisha inasogezwa hadi (0, 10, 0). Kifundo kimeruka juu ya kichwa. Kosa hili lina sura yake: kila kipande cha mwili kinakwenda mbali zaidi na mahali pake kadiri mfupa wake ulivyo mbali na asili, na wavu huonekana umevimba au umetawanyika hata mhusika akiwa hajasogea. Dalili hiyo ya kuharibika katika utulivu ni ya thamani, kwa maana makosa mengine tutakayoyaona hujificha mhusika anapotulia.

Tuongeze mzunguko wa bega pia, nyuzi 90 kuzunguka Z, kiwiko kikibaki kimekunjwa. Kiwiko kinazungushwa na bega, kwa hiyo kinahamia (1, 7, 0), na jumla ya mzunguko wake katika mfumo wa mhusika inakuwa nyuzi 180. Nukta yetu, ambayo bado ni (2, 0, 0) katika mfumo wa kiwiko, inageuka kuwa (-2, 0, 0) na kutua (-1, 7, 0). Ukizidisha matriksi zote mbili za kiwiko kwanza, kama paleti inavyofanya, unapata mzunguko wa nyuzi 180 pamoja na msogeo wa (5, 11, 0). Ukiitumia kwa (6, 4, 0) unapata (-6, -4, 0) na (5, 11, 0), jumla (-1, 7, 0), jibu lilelile. Lakini hakuna kiungo chochote cha mkono kilichoko (5, 11, 0). Namba hizo ni za uhamaji, si za mahali, na anayetaka kuchora mifupa azisome kutoka `G` kabla haijazidishwa.

Kupata G kwa mpangilio sahihi

Katika faili ya glTF kila nodi inayoendeshwa na animesheni hubeba mgeuzo wake ukipimwa kutoka kwa mzazi wake: msogeo, mzunguko ulioandikwa kama kwatenioni, na ukubwa. Animesheni hubadilisha vipande hivyo vitatu. Unachanganya fremu mbili za animesheni katika vipande hivyo, unajenga matriksi ya nodi, kisha unashuka kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Usichanganye matriksi za paleti za fremu mbili ili kupata ile ya katikati. Wastani wa matriksi mbili za mzunguko si mzunguko, na mkono utafupika kati ya fremu moja na nyingine.

```cpp
for (int n : mpangilio) {            // mzazi kabla ya mtoto
    G[n] = mzazi[n] < 0 ? mgeuzo[n]
                        : G[mzazi[n]] * mgeuzo[n];
}
for (size_t j = 0; j < joints.size(); ++j)
    paleti[j] = G[joints[j]] * inverseBind[j];
```

Kuna mambo mawili katika mistari hii michache yanayostahili kutazamwa kwa karibu. La kwanza ni `mpangilio`. Hakuna kanuni ya glTF inayosema nodi ya mzazi itatangulia nodi ya mtoto katika orodha, wala kwamba orodha ya `joints` imepangwa kuanzia kwenye shina. Ukizunguka nodi kwa namba zake, baadhi ya watoto watasoma matriksi ya mzazi ya fremu iliyopita. Mhusika anapotembea polepole hutaona kitu. Anapogeuka ghafla, kidole au upanga utachelewa fremu moja nyuma ya mkono. Orodha ya `mpangilio` hujengwa mara moja wakati wa kupakia, kwa kushuka mti kutoka kwenye mizizi yake.

La pili ni `joints[j]`. Namba zinazobebwa na nukta katika `JOINTS_0` si namba za nodi, bali ni nafasi katika orodha ya `joints` ya ngozi husika. Ikiwa mfupa wa kiwiko ni nodi ya 17 lakini wa 5 katika orodha, nukta itaandika 5, na matriksi kinyume yake itakuwa ya 5 katika `inverseBindMatrices`. Faili ndogo za majaribio mara nyingi huwa na namba zinazolingana, ndiyo maana kosa hili hupita majaribio yote na kuibuka siku unapopakia mhusika kamili, ambapo mguu unaanza kufuata taya.

Wengine huona kwamba matriksi kinyume zinaweza kukokotolewa upya wakati wa kupakia, kwa kuchukua mgeuzo wa kila nodi ulivyo katika faili na kuupindua. Nashauri kwa nguvu usifanye hivyo. Mkao wa nodi ulioandikwa katika faili si lazima uwe mkao wa ufungaji; msanii anaweza kuwa amehifadhi faili mhusika akiwa katikati ya hatua, na faili hiyo ni halali kabisa. Mkao wa ufungaji umo katika `inverseBindMatrices` peke yake. Zisome jinsi zilivyo. Orodha hiyo ikikosekana katika ngozi, glTF inasema kila mfupa uchukue matriksi isiyobadili kitu, yenye 1 kwenye mshazari na 0 kwingineko.

Hapa ndipo panapopatikana jaribio bora la kwanza. Weka `G[j]` ya kila mfupa kuwa kinyume cha `inverseBind[j]`, ukipuuza nodi na animesheni. Kila matriksi ya paleti lazima itoke ile isiyobadili kitu, isipokuwa tofauti ndogo za desimali, na mhusika lazima aonekane sawasawa na wavu uliochorwa bila mifupa. Ikiwa wavu unaharibika hapo, tatizo liko katika usomaji wa bafa au katika sheda. Ikiwa ni mzima hapo lakini unaharibika ukitumia nodi, tatizo liko katika mti wa mifupa.

Paleti ikae katika mfumo gani

Hesabu ya mkono wetu ilifanyika katika mfumo wa mhusika. Ukianza kushuka mti kutoka kwenye shina la dunia nzima, `G` itajumuisha pia mahali mhusika alipo duniani, na nukta zitatoka kwenye paleti zikiwa tayari katika mfumo wa dunia. Sheda ikizidisha tena kwa matriksi ya mhusika, kama inavyofanya kwa vitu visivyo na mifupa, mhusika aliyesogezwa mita 10 ataonekana kwenye mita 20. Anapokuwa kwenye asili ya dunia kila kitu kiko sawa, na hapo ndipo majaribio mengi hufanyika.

Kanuni ya glTF kuhusu jambo hili ni kali na inafaa kuijua: mgeuzo wa nodi iliyobeba wavu wenye ngozi hupuuzwa, na mifupa peke yake ndiyo huamua mahali wavu ulipo. Kwa hiyo, ama uache paleti katika mfumo wa dunia na sheda isizidishe chochote zaidi ya kamera, ama uanze kushuka mti kutoka kwenye shina la mhusika, ukiiacha dunia nje, na sheda izidishe kwa matriksi ya shina hilo.

Mimi huchagua njia ya pili, na sababu ni usahihi wa namba. Desimali ya biti 32 ikiwa karibu na 10,000 inaruka kwa hatua za takriban 0.001, yaani milimita moja ikiwa kipimo ni mita. Mhusika aliyeko kilomita 10 kutoka asili ya dunia, akiwa na paleti ya dunia, ataonekana ngozi yake ikitetema anapotazamwa kwa karibu. Paleti ya mfumo wa mhusika haina namba kubwa za namna hiyo, na nafasi ya kamera inaweza kutolewa kwenye matriksi ya shina kabla ya kuipeleka kwenye kadi.

Kuipeleka kwenye sheda

Matriksi ya 4 kwa 4 yenye desimali za biti 32 huchukua baiti 64. OpenGL ES 3.0 na Vulkan 1.0 huhakikisha baiti 16,384 tu kwa bafa moja ya yunifomu, hata kama vifaa vingi hutoa zaidi, kwa hiyo mifupa 256 ndiyo unayoweza kuitegemea kila mahali. Safumlalo ya mwisho ya kila matriksi ya paleti ni 0, 0, 0, 1 daima, na injini nyingi huiacha: zinabaki baiti 48, na nafasi inatosha mifupa 341.

Upunguzaji huo una athari moja isiyotajwa sana. Nukta inayofuata mifupa kadhaa hujumlisha matriksi zao kwa uzito, na jumla ya uzito inapaswa kuwa 1. Tuseme faili imebana uzito katika baiti na jumla ikawa 0.98. Ukitumia matriksi kamili, kipengele cha nne cha nukta kinakuwa 0.98 pia, na mgawanyo wa mwisho wa kamera unafuta kosa lote. Nukta inaonekana mahali pake. Ukitumia safumlalo tatu na kuandika 1 mwenyewe katika kipengele cha nne, nukta inavutwa kuelekea asili kwa asilimia 2. Utosi ulioko mita 1.7 utashuka sentimita 3.4. Na kama paleti ni ya mfumo wa dunia na mhusika yuko mita 100 kutoka asili, nukta hiyo itahama mita 2 nzima, na ngozi itachomoza mwiba mrefu unaokua kadiri mhusika anavyotembea. Tiba ni kugawa uzito wa kila nukta kwa jumla yake wakati wa kupakia, na haigharimu chochote wakati wa kuchora.

Kosa jingine la hatua hii ni mpangilio wa namba ndani ya matriksi. glTF huandika safuwima kwa safuwima, na maktaba ya GLM huhifadhi vivyo hivyo. DirectXMath huchukulia nukta kuwa safumlalo inayokaa kushoto, kwa hiyo humo mzidisho hugeuka: matriksi kinyume huja kwanza, `G` hufuata. Ukichanganya taratibu hizi, sheda hupokea matriksi iliyopinduliwa mshazari. Kosa hili hujificha vizuri, kwa sababu matriksi isiyobadili kitu ikipinduliwa hubaki ilivyo; jaribio la utulivu linapita, na mhusika anaharibika mara tu anapoanza kusogea. Linatambulika kwa dalili mbili zinazokuja pamoja: viungo vinazunguka kinyume cha upande unaotakiwa, na msogeo, ambao sasa umeangukia safumlalo ya nne, unavuruga mgawanyo wa kamera hadi sehemu za wavu zinavutwa kama mpira.

Vielekezi vya uso wa ngozi, vinavyotumika katika mwanga, huzidishwa kwa sehemu ya 3 kwa 3 ya matriksi hiyohiyo iliyojumlishwa, kisha hurekebishwa urefu. Hilo linatosha ikiwa mifupa haina ukubwa usiolingana katika mihimili yake.

Mahali hesabu inapofikia ukomo

Turudi kwenye mkono, kiwiko kikiwa kimekunjwa nyuzi 90 na bega limetulia. Paleti ya bega haibadili kitu. Ya kiwiko ni mzunguko wa nyuzi 90 na msogeo wa (8, 0, 0). Chukua nukta mbili za ngozi kwenye kiungo, moja juu (4, 5, 0) na nyingine chini (4, 3, 0), kila moja ikigawana uzito nusu kwa nusu. Ya juu inabaki (4, 5, 0) kwa bega na kwenda (3, 4, 0) kwa kiwiko, wastani ni (3.5, 4.5, 0). Ya chini inabaki (4, 3, 0) na kwenda (5, 4, 0), wastani ni (4.5, 3.5, 0). Kabla ya kukunja, umbali kati yao ulikuwa 2. Sasa ni takriban 1.41. Mkono umenywea kwenye kiwiko, na hakuna kosa lolote katika paleti.

Kisababishi ni kilekile tulichokitaja kuhusu fremu mbili: jumla ya mizunguko miwili kwa uzito si mzunguko. Hali mbaya zaidi ni kifundo cha mkono kinachopindishwa nyuzi 180 kuzunguka mhimili wake, ambapo nukta zenye uzito nusu kwa nusu zote huangukia katikati ya mfupa na ngozi hufungana kama karatasi ya peremende iliyosokotwa. Wasanii hupunguza tatizo hili kwa kuongeza mifupa ya msokoto kati ya kiwiko na kifundo, ili hakuna nukta inayochanganya mifupa iliyoachana kwa pembe kubwa. Mwaka 2007 Ladislav Kavan na wenzake walichapisha njia ya kuchanganya kwatenioni pacha badala ya matriksi, ambayo huhifadhi unene wa kiungo lakini hukifanya kivimbe kidogo upande wa nje kinapokunjwa, na ambayo haibebi ukubwa wa mfupa bila hatua ya ziada. Anayeihitaji hana haja ya kugusa mti wa mifupa wala matriksi kinyume: kwatenioni pacha za kila mfupa hutengenezwa kutoka kwenye `paleti[j]` ileile, na kinachobadilika ni mistari michache ya sheda inayofanya mchanganyiko.